Usikipime chumba kwa kodi ya mwezi

(Haya ni mazungumzo ya juma hili kama yalivyosomwa redioni.)

Ndugu wasikilizaji, kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yakishatoka na majina ya waliochaguliwa kuingia vyuo vikuu yakishatangazwa, simu za ndugu walioko Dar es Salaam huanza kulia. Mzazi yuko Songea, yuko Bukoba, yuko Singida, na swali lake ni moja: "Mtoto wetu amepata chuo Mlimani, je, akae wapi?" Baadaye kidogo hufuata swali la pili, nalo ndilo lenye mtego: "Kuna chumba nimeambiwa kipo Kimara, kodi elfu sabini tu kwa mwezi. Kichukuliwe?"

Leo nataka tuzungumze juu ya neno hilo "tu". Naliona linawaponza wengi. Chumba cha mwanafunzi hakipimwi kwa kodi ya mwezi mmoja. Kinapimwa kwa jumla ya mwaka mzima wa masomo, na kwa fedha itakayotoka mfukoni siku ya kwanza. Hizo ni hesabu mbili mbalimbali, na asiyezitenganisha huishia kulipa zaidi akidhani amebana matumizi.

Tuanze na bweni la chuo. Mwenye nafasi ya kulipata alipate. Nasema hivyo kwa sababu mbili zisizohitaji falsafa. Kwanza, bweni hulipiwa kwa siku au kwa muhula, maana yake mwanafunzi analipia majuma anayosoma tu. Mwaka wa masomo una mihula miwili, na kila muhula, ukiweka masomo na mitihani pamoja, ni majuma kama 17. Jumla ni majuma 34, yaani siku 238. Miezi ya likizo ndefu haimo katika hesabu. Pili, bweni halina dalali, na halidai kodi ya miezi sita kwa mkupuo.

Shida ni kwamba vitanda havitoshi. Mwaka 2017 yalifunguliwa pale Mlimani majengo 20 ya mabweni, yale yanayoitwa kwa jina la Rais Magufuli, yenye nafasi ya wanafunzi 3,840. Ulikuwa msaada mkubwa, lakini chuo kile kina wanafunzi wengi mara kadhaa ya idadi hiyo, hata ukiongeza mabweni ya zamani na hosteli ya Mabibo. Kwa hiyo kuna wanaopata na kuna wanaokosa. Ndiyo maana vijana wana neno lao la zamani, "kubebana", kwa maana ya mwenye kitanda kumhifadhi mwenzake asiye nacho, wakalala wawili mahali pa mmoja. Wakikamatwa, kanuni za bweni huwaangukia wote wawili.

Bweni nalo lina masharti yake. Kupika chumbani kwa kawaida hakuruhusiwi, kwa hiyo chakula ni cha kununua. Chumba ni cha watu kadhaa, na usingizi wako unategemea tabia za wenzako. Likizo ndefu ikifika, unafunga virago. Mwanafunzi anayetoka Kigoma, na ambaye ana mafunzo ya vitendo hapa mjini wakati wa likizo, inambidi aulize mapema atalala wapi. Haya ni mambo ya kuuliza, lakini hayalifanyi bweni kuwa ghali kuliko mtaa.

Sasa tuje kwa aliyekosa bweni. Huyu anakwenda mtaani, na mitaa ni mingi: Changanyikeni, Msewe, Makongo, Survey, Sinza, Ubungo, Mabibo, Makuburi, Kimara na kuendelea. Kabla hajamtafuta dalali, naomba aulize jambo moja ambalo wengi hulisahau: vipindi vyangu vitakuwa wapi hasa? Jina la chuo na mahali pa kusomea si lazima viwe kitu kimoja. Ndaki ya teknolojia ya habari na mawasiliano ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa mfano, iko Kijitonyama, haiko Mlimani. Mwanafunzi wa ndaki hiyo akipanga Changanyikeni kwa kuwa ameambiwa "ni jirani na chuo", atakuwa jirani na chuo cha wenzake.

Baada ya kujua hilo, tufanye hesabu. Bei nitakazotaja ni za mfano, nimezichagua ili hesabu iwe rahisi kufuata. Kila mmoja aweke bei atakazozikuta mtaani mwake, njia ni ile ile.

Tuseme binti wa mwaka wa kwanza, anayesoma Mlimani, ameonyeshwa vyumba viwili. Cha kwanza kiko Kimara, kodi shilingi 70,000 kwa mwezi. Cha pili kiko Msewe, anaweza kwenda darasani kwa miguu, kodi shilingi 100,000. Mwenye nyumba wa kwanza na wa pili wote wanataka kodi ya miezi sita mbele. Dalali naye, kama desturi yetu ilivyo, anataka kodi ya mwezi mmoja. Na wenye nyumba wote wanataka amana ya mwezi mmoja. Amana si desturi ya kila nyumba ya vyumba vya kupanga, lakini imeenea, hasa katika hosteli za watu binafsi, kwa hiyo tuihesabu.

Hesabu ya mwaka kwanza. Cha Kimara: 70,000 mara miezi 12 ni shilingi 840,000. Ongeza nauli. Tuseme anapanda magari mawili kwenda na mawili kurudi, kila gari shilingi 600. Hiyo ni shilingi 2,400 kwa siku. Kwa siku tano za juma, katika majuma 34, ni siku 170. Nauli ya mwaka ni shilingi 408,000. Ongeza 70,000 za dalali. Jumla inakuwa shilingi 1,318,000.

Cha Msewe: 100,000 mara 12 ni shilingi 1,200,000. Nauli ya darasani hakuna. Ongeza 100,000 za dalali. Jumla ni shilingi 1,300,000.

Mmeona, ndugu wasikilizaji. Chumba cha "elfu sabini tu" kimekuwa ghali kuliko cha laki moja. Tofauti ni ndogo, shilingi 18,000, lakini nimemhesabia binti huyu siku tano tu za juma. Sikuhesabu Jumamosi ya kwenda maktaba, wala siku ya mtihani mvua ikinyesha akapanda bodaboda ili asichelewe. Na sijahesabu saa. Kama safari ni saa moja kwenda na saa moja kurudi, na foleni za Barabara ya Morogoro tunazijua, basi kwa siku 170 anatumia saa 340 barabarani. Hizo ni siku 14 kamili, mchana na usiku, amesimama ameshika bomba la gari. Isitoshe, vipo vipindi vya saa moja asubuhi, na vipo vya jioni vinavyomtoa darasani giza limeshaingia. Mzazi wa binti ajiulize atapita njia gani saa hizo kutoka kituoni hadi nyumbani, na njia hiyo ina taa au haina.

Kama hesabu iko wazi namna hii, kwa nini vijana wengi wanachagua cha mbali? Jibu liko katika ile hesabu ya pili, ya siku ya kwanza. Ili aingie Kimara, binti anatakiwa kutoa miezi sita, shilingi 420,000, dalali 70,000 na amana 70,000. Jumla 560,000. Ili aingie Msewe anatakiwa kutoa 600,000, na 100,000, na 100,000 nyingine. Jumla 800,000. Tofauti ya siku ile ni shilingi 240,000, na hana. Basi anachukua cha mbali, halafu anailipa tofauti hiyo na zaidi, kidogo kidogo, kwa kondakta.

Na hapa kuna jambo linalowasumbua hasa wale wanaotegemea mkopo wa serikali. Fedha ya chakula na malazi, ambayo wanafunzi wenyewe wanaiita bumu, hutolewa kwa awamu, tena baada ya mwanafunzi kufika chuoni, kusajiliwa na kusaini. Mwenye nyumba hasubiri hayo. Anataka miezi sita kabla hajatoa ufunguo. Kwa hiyo mzazi asijidanganye kwamba mkopo utalipa chumba cha kuanzia. Mkopo unaweza kulipa cha kuendelea. Cha kuanzia kitatoka nyumbani, na kijulikane mapema, mbuzi auzwe kwa bei nzuri mwezi wa Agosti, asiuzwe kwa bei ya kutupa mwezi wa Oktoba.

Dawa ipo, nayo si ngumu. Ni kupanga wawili. Chumba kile kile cha Msewe wakikichukua mabinti wawili, siku ya kwanza kila mmoja anatoa shilingi 400,000. Hiyo ni chini ya 560,000 za Kimara. Na kwa mwaka mzima kila mmoja atakuwa ametoa 650,000, yaani chini ya nusu ya gharama ya yule wa Kimara aliye peke yake. Na huko Kimara wakipanga wawili? Kodi na dalali watagawana, lakini nauli haigawanyiki, kila mmoja anapanda gari kwa mguu wake. Kila mmoja atatoa 863,000 kwa mwaka. Kwa hiyo kadiri mnavyokuwa wengi, ndivyo chumba cha karibu kinavyozidi kuwa na faida.

Ila wawili hao waandikwe wote katika mkataba. Wengi hufanya makosa hapa: mmoja anasaini, mwingine anaingia kimya kimya na begi lake. Baba mwenye nyumba akigundua baada ya mwezi, anasema maji yanaisha, choo kinajaa, ongezeni. Tena siku wawili hao wakikosana, yule ambaye jina lake halimo hana pa kusemea, ingawa nusu ya kodi ni yake.

Hilo linatufikisha kwenye mkataba. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inakubali upangaji wa mwaka mmoja au pungufu ufanyike hata kwa mdomo. Kwa hiyo makubaliano yenu ya barazani ni makubaliano. Taabu yake ni ushahidi. Mkifika kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, wewe utasema mlikubaliana hivi, yeye atasema vile, na neno halina alama ya kidole. Na asitokee mtu akawaambia kwamba kuna ofisi ya kupanga kodi. Ile sheria ya zamani ya kudhibiti kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo kodi ni mapatano, na kinga ya mpangaji ni kile kilichoandikwa.

Kiandikwe nini? Sitawapa orodha ya mambo ishirini. Nitasema manne.

La kwanza, mwenye nyumba ni nani. Dalali anaonyesha, hapangishi. Kabla ya shilingi kutoka, onaneni na mwenye nyumba mwenyewe, na muulize mjumbe au ofisi ya serikali ya mtaa kama ndiye. Wapo matapeli wanaokodi chumba kwa mwezi mmoja, kisha wanakipangisha kwa wanafunzi watano kwa siku moja, na wote watano wanakutana mlangoni na magodoro yao. Dalili zake zinajulikana: bei iko chini kuliko majirani, mwenye nyumba "yuko safari", na fedha zinatakiwa leo hii kwa sababu "kuna mwingine anakuja". Mkataba mkiusaini mbele ya ofisi ya serikali ya mtaa, tapeli hatafika hapo. Fedha nazo zipitie benki au simu, kwa jina lile lile lililo kwenye mkataba, na stakabadhi itolewe.

La pili, amana itajwe peke yake, isichanganywe na kodi. Ukitoa 700,000 na karatasi ikasema tu "nimepokea shilingi 700,000 za chumba", baada ya mwaka utaambiwa zote zilikuwa kodi. Iandikwe hivi: kodi ya miezi sita, shilingi 600,000, kuanzia tarehe fulani hadi tarehe fulani, amana, shilingi 100,000, itarudishwa ndani ya siku kadhaa baada ya mpangaji kukabidhi ufunguo, ikipunguzwa gharama za uharibifu alioufanya tu. Na ili uharibifu uweze kubishaniwa kwa haki, siku ya kuingia tembeeni chumbani pamoja, mkaandike hali ilivyo: kitasa kinafunga, kioo kimoja kimepasuka, soketi ya karibu na dirisha haifanyi kazi, rangi imebabuka kwenye kona. Pigeni na picha. Asiyeandika ufa wa kioo siku ya kuingia ataulipia siku ya kutoka.

La tatu, umeme, maji na choo. Uliza kama chumba kina mita yake ya luku au mnachangia. Kama mnachangia, uliza mnachangia kwa kichwa au kwa chumba, na kama kuna mwenye friji au mwenye pasi ya kazi ya dobi humo ndani. Mwanafunzi mwenye taa moja na simu moja asimnunulie umeme mwenye duka la maji baridi. Maji uliza yanatoka siku gani na nani analipa bili. Choo kikijaa, gari la kunyonya linalipwa na nani? Maswali haya yanaonekana madogo, lakini ndiyo yanayoleta ugomvi wa mwezi wa tatu.

La nne ni la kuondoka. Mwanafunzi aliyekosa bweni Oktoba anaweza kulipata muhula wa pili. Kama amelipa miezi sita au mwaka, na mkataba hausemi neno, asitegemee kurudishiwa miezi aliyobakiza. Kwa hiyo liombwe sharti hili mapema: mpangaji akitoa taarifa ya mwezi mmoja kwa maandishi, atarudishiwa kodi ya miezi ambayo hakuitumia, au ataruhusiwa kuleta mpangaji mwingine mahali pake. Hili la pili wenye nyumba wengi hulikubali upesi, maana halimtoi fedha mfukoni, na wanafunzi wanaotafuta chumba hawakosekani. Vilevile ombeni miezi mitatu mitatu badala ya sita. Mwenye nyumba wa karibu na chuo anajua miezi ya likizo chumba chake kinaweza kubaki kitupu. Mwambie utakaa hadi mwisho wa mwaka kwa malipo ya miezi mitatu mitatu, atakusikiliza kuliko unavyodhani. Asipokubali, hukupoteza kitu.

Neno la mwisho ni kuhusu dalali. Sina ugomvi na kazi yake. Lakini ile kodi ya mwezi mmoja anayochukua inaweza kuokolewa na mtu anayetangulia. Wanafunzi wanaomaliza mwaka wa tatu huacha vyumba Julai na Agosti. Mwenye ndugu, jirani au aliyesoma shule moja na mtoto wako amuulize anaacha wapi, mwenye nyumba ni mtu wa namna gani, maji yanatoka, na amana yake alirudishiwa? Swali hili la mwisho ndilo la maana kuliko yote. Kwa mdomo kila mwenye nyumba hurudisha amana. Aliyekwisha kuhama ndiye anayejua.

Basi mzazi wa Songea, na wa Bukoba, na wa Singida, ukiambiwa kuna chumba cha elfu sabini tu, usijibu siku hiyo. Chukua kalamu. Andika kodi ya miezi kumi na miwili, andika nauli ya siku 170, andika dalali, kisha andika pembeni fedha itakayohitajika kabla ya ufunguo. Halafu uliza kama kuna mwenzake wa kugawana naye cha karibu. Ukimaliza hapo, ndipo useme kichukuliwe au kiachwe.

Kwa leo naishia hapo. Tukijaliwa, tukutane tena juma lijalo, saa kama hizi.